Wa ngapi baada ya walio sare?

Tarehe 12 Agosti 2016, katika bwawa la Olimpiki la Rio de Janeiro, Joseph Schooling wa Singapore alishinda fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo kwa sekunde 50.39. Nyuma yake waogeleaji watatu waligusa ukuta kwa muda uleule, sekunde 51.14: Michael Phelps wa Marekani, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria. Wote watatu walivishwa medali ya fedha. Li Zhuhao wa China aliyewafuata aliandikwa wa 5, na medali ya shaba ya mbio hizo haikutolewa kwa mtu yeyote.

Nafasi ya 3 na ya 4 zilirukwa kwa sababu michezo hufuata upangaji wa mashindano. Kanuni yake ni fupi: hesabu watu waliomzidi mshiriki, kisha ongeza moja. Li alizidiwa na watu wanne, kwa hiyo ni wa 5. Cseh alizidiwa na mmoja tu, kwa hiyo ni wa 2, na ndivyo ilivyo kwa wale wenzake wawili. Njia nyingine ni upangaji wa mfululizo, ambao hauruki namba. Huo hauhesabu watu bali viwango tofauti vilivyo juu ya mshiriki, kisha huongeza moja. Juu ya Li kulikuwa na viwango viwili tu, 50.39 na 51.14, na kwa kanuni hiyo angekuwa wa 3.

Darasani tofauti hii huwafika wazazi wengi bila wao kujua. Tuseme wanafunzi wanane wana wastani wa 88, 81, 81, 81, 74, 69, 69 na 52. Kwa upangaji wa mashindano nafasi zao ni 1, 2, 2, 2, 5, 6, 6 na 8. Kwa mfululizo ni 1, 2, 2, 2, 3, 4, 4 na 5. Aliyepata 52 ndiye wa mwisho kwa vyovyote, lakini katika orodha ya pili ripoti yake itasomeka “nafasi ya 5 kati ya 8”. Mzazi atakayeisoma ataamini, na ana kila sababu ya kuamini, kwamba mwanawe amewapita watatu. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Ila 5 imehesabu viwango vya alama, na 8 imehesabu vichwa, na namba mbili zisizohesabu kitu kimoja hazifai kukaa pamoja kwenye sentensi moja. Shule inayoandika “kati ya” haina budi kutumia upangaji wa mashindano.

Mfululizo una kasoro nyingine isiyoonekana upesi. Mmoja wa wale wenye 81 anakata rufaa, karatasi inasahihishwa upya, na wastani wake unapanda hadi 82. Mwenye 74 hakuguswa: waliomzidi walikuwa wanne, na bado ni walewale wanne. Kwa upangaji wa mashindano anabaki wa 5. Kwa mfululizo anashuka kutoka wa 3 hadi wa 4, kwa sababu tu sare ya watu walio juu yake imevunjika. Kinyume chake pia ni kweli. Akihamia darasani mwanafunzi mpya mwenye 81, mwenye 74 anakuwa wa 6 katika mashindano, lakini katika mfululizo anaendelea kuwa wa 3, ingawa sasa watu watano wako mbele yake.

Kwenye zawadi hesabu hugeuka kuwa pesa. Tangazo likisema zawadi ni kwa nafasi ya 1 hadi ya 3, darasa hili litahitaji zawadi nne kwa upangaji wa mashindano na tano kwa mfululizo. Upangaji wa mashindano nao hauhakikishi zawadi tatu, lakini ziada yake hutokana tu na sare iliyoangukia mpakani. Mfululizo huongeza washindi kwa kila sare iliyo juu ya mpaka, na katika mtihani wa maswali 10 ya kuchagua jibu, ambako alama zinazowezekana ni 11 tu, nusu ya darasa yaweza kujikuta ndani ya tatu bora.

Hata hivyo mfululizo una kazi yake halali: pale swali linapohusu kiwango chenyewe na si mtu. Anayeuliza mshahara wa pili kwa ukubwa katika kampuni ni upi hataki kuambiwa haupo kwa sababu wakurugenzi wawili wanalipwa sawa kileleni. Ndiyo maana lugha ya hifadhidata ya SQL ina amri mbili tofauti:

```sql
SELECT jina, alama,
  RANK() OVER (ORDER BY alama DESC),
  DENSE_RANK() OVER (ORDER BY alama DESC)
FROM matokeo;
```

RANK ni ya mashindano, DENSE_RANK ni ya mfululizo. Ipo pia ROW_NUMBER, ambayo humpa kila mmoja namba yake hata walio sare. Hiyo haifai kabisa kwa matokeo, kwani isipopewa kigezo cha ziada, nani atangulie kati ya walio sare ni bahati nasibu.

Mwalimu anayetumia Excel hupata upangaji wa mashindano bila kuuomba. Ikiwa masomo tisa yako safu ya C hadi K na wastani uko safu ya L, fomula ya nafasi ni hii:

```
=RANK(L2,$L$2:$L$9,0)
```

Alama za dola ndizo zinazoshikilia orodha isisogee fomula inaponakiliwa kwenda chini. Zikisahaulika, kila mstari hulinganishwa na walio chini yake tu, na mwanafunzi wa mstari wa mwisho hutoka wa 1 siku zote. Orodha ikiwa imeshapangwa kuanzia alama za juu, darasa zima litakuwa la kwanza.

Kosa gumu zaidi kulibaini ni sare inayoonekana kwa macho ilhali kompyuta haiitambui. Mwanafunzi mwenye jumla ya 641 ana wastani wa 71.22, na mwenye 642 ana 71.33. Seli isiyoonyesha desimali huandika 71 kwa wote wawili, lakini RANK husoma thamani iliyofichika na kuwapa nafasi tofauti. Ripoti mbili zenye wastani mmoja na nafasi mbili huleta wazazi ofisini. Dawa ni kuonyesha desimali, au kukadiria wastani kabla ya kupanga:

```
=ROUND(AVERAGE(C2:K2),0)
```

Lipi kati ya hayo mawili ni la haki hutegemea kama alama moja katika 900 inapima chochote. Kuogelea kulikwisha kujibu swali kama hilo. Mwaka 1972 mjini Munich, katika mita 400 mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani walimaliza wote kwa dakika 4 na sekunde 31.98, na dhahabu ikaenda kwa Larsson kwa tofauti ya elfu mbili za sekunde. Baadaye kanuni ilibadilishwa, muda ukaishia kwenye sehemu ya mia ya sekunde, kwa kuwa njia za bwawa haziwezi kujengwa kwa urefu sawasawa kiasi cha kuifanya elfu ya sekunde iwe na maana. Wakilingana hapo, ni sare, na anayefuata huhesabiwa kuanzia hapo.