Ripoti ya Maneno Mawili

Karatasi ilikuwa na maneno mawili: "Pampu mbovu." Chini yake sahihi ya mwendesha pampu wa Kisima Namba 3, na tarehe. Kwa maneno hayo mawili sisi mafundi sita tulipakia tripodi, cheni bloku na spana za bomba kwenye gari, tukaenda kuing'oa pampu iliyoning'inia mita 84 chini ya ardhi.

Pampu ya kisima kirefu haikai juu ukaiona. Huzamishwa majini pamoja na mota yake, ikibebwa na bomba la chuma lililoungwa kwa vipande vya mita tatu tatu. Mita 84 ni vipande 28, na kila kimoja kina uzito wa kilo 25 hivi. Unavuta kimoja, unabana kilicho chini yake kisije kikaporomoka, unafungua, unalaza pembeni, unarudi kwa kinachofuata. Tulitumia siku nzima kuitoa na siku nzima kuirudisha, kwa sababu tulipoifungua hatukuona kasoro. Mapanga mazima, mota nzima, waya mzima. Tukawasha, na maji yakatoka kidogo vilevile.

Huo ulikuwa mji wa katikati ya Tanzania, kule ambako hakuna mto wa kutegemea na mji mzima unakunywa maji ya visima. Msimamizi wetu, mama mmoja injinia, alikuwa na wiki mbili tu kazini. Alimwendea mwendesha pampu, mzee aliyekaa kwenye kisima kile miaka mingi, akamwamkia, akamuuliza maji yalianza kupungua lini.

"Jumanne jioni."

"Jumanne kulitokea nini, mzee wangu?"

"Hakuna kitu. Watu wa umeme tu walikuja kubadilisha transfoma."

Injinia alimwita fundi umeme, akamwambia azime, abadilishane nyaya mbili kati ya tatu kwenye paneli, awashe. Dakika kumi. Mshale wa geji ukapanda, na mita ya maji ikaanza kukimbia.

Mota ya namna hii hulishwa na nyaya tatu za umeme, ambazo mafundi huziita fezi. Mpangilio wa fezi hizo ndio unaoamua mota izunguke upande gani, na ukizibadilishana mbili tu, inageuka. Transfoma mpya ilipofungwa, mpangilio ulibadilika, na pampu ikawa inazunguka kinyume. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba pampu inayozunguka kinyume haiachi kutoa maji. Inatoa kidogo, kwa nguvu ndogo, na mtu aliye juu anaona kama imezeeka.

Kesho yake tulidhani tutagombezwa. Injinia aliweka ile karatasi mezani, akasema hakuna aliyesema uongo. Kisha akauliza, "Nani kati yenu ameiona pampu ikiwa mbovu?" Hakuna aliyejibu, maana iko mita 84 chini. "Basi hii ni hukumu," akasema. "Ushahidi uko wapi?"

Tangu siku hiyo akaanza kuzirudisha ripoti. Hakuwahi kumwandikia mtu upya. Nilimsubiri afanye hivyo, hakufanya. Aliandika swali moja pembeni kwa kalamu nyekundu, moja tu, akakurudishia. Ukijibu, anakupa la pili. Ripoti yangu ya kwanza niliirudia mara nne, na mara ya tatu nilitamani kuhama idara.

Swali lake la kwanza karibu daima lilikuwa "Umeona nini?" Tulikuwa na mazoea ya kuandika tulichofikiri. "Maji kidogo" ni bora kuliko "pampu mbovu", kwa sababu angalau mtu ameyaona, lakini nayo haikumtosha. Kidogo kulinganisha na nini? Kisima Namba 3 kikiwa kizima kilitoa uniti 18 kwa saa, yaani lita 18,000, mapipa 90 yale makubwa. Wiki ile kilikuwa kinatoa uniti nne. Geji iliyokuwa ikisoma 4 ilisoma chini kidogo ya 3. Mota iliyozoea kula ampea 17 ilikula 11. Na maji kisimani, ambayo pampu ikivuta vizuri hushuka hadi mita 55, yalikuwa mita 45. Namba hizo zote zilikuwapo Jumanne jioni, kwenye geji, mita na paneli, na kwenye kile kipimo cha kamba tunachoteremsha kisimani. Hakuna aliyeziandika.

Siku moja alituonyesha ubaoni kwa nini namba hizo ni za lazima. Alituambia tuchukue lalamiko hilohilo, maji kidogo, lakini visima vitatu tofauti. Cha kwanza ni hiki cha kuzunguka kinyume: geji imeshuka, ampea zimeshuka, lakini maji kisimani yako juu, na yote yalianza ghafla baada ya umeme kuguswa. Cha pili ni kisima kilichokaukiwa mwishoni mwa kiangazi: ampea zimeshuka pia, ila maji kisimani yamefika karibu na pampu, mshale wa geji unatetemeka, na bomba linatema hewa. Hapo unapunguza kwa valvu ili kisima kipate nafasi ya kujaza, na ukizembea mota inaungua. Cha tatu ni bomba lililotoboka humohumo kisimani: mota inakula umeme wake kama kawaida, kazi inafanyika, ila maji yanarudi yalikotoka. Ukitega sikio mdomoni pa kisima utayasikia yakidondoka. Ni hicho cha tatu peke yake kinachostahili tripodi.

Halafu kulikuwa na suala la lugha, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Kijana mmoja aliandika, "Pampu imezimwa usiku." Injinia akapigia mstari herufi moja, ile w. Imezimwa na nani? Kama kuna mtu aliyeizima, tunamtafuta mtu. Kama imezimika yenyewe, tunatafuta hitilafu kwenye paneli. Kijana alikuwa na maana ya kuzimika. Vivyo hivyo na valvu: "imefungwa" na "imekwama" ni safari mbili tofauti, moja ya kwenda kuuliza na nyingine ya kwenda na spana. Kiswahili kinatupa tofauti hizo bure, na sisi tulizitupa.

Saa nazo zilitutesa. Mtu anaandika "saa 3". Ya asubuhi au ya usiku? Na je, ni saa tatu yetu, au ameinakili 3:00 kutoka kwenye simu, ambayo kwetu ni saa tisa? Tulikuwa tunalinganisha daftari letu na taarifa za kukatika umeme, na mara mbili tulikosana kwa saa sita kamili bila kujua. Akaamuru kila saa ifuatwe na neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Maneno "jana" na "juzi" akayapiga marufuku, kwa sababu ripoti ya kisima cha mbali ilimfikia siku ya tatu, na jana ya mwandishi haikuwa jana yake.

Yule mzee wa Kisima Namba 3 ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alisema wazi kwamba hakuajiriwa kuandika insha. Nadhani pia kalamu ilimtia aibu, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo. Injinia hakumlazimisha. Alikwenda kisimani, akakaa naye kivulini, akamwomba aeleze kwa mdomo mimi niandike. Mzee akasema pampu "inakoroma". Tulizoea kucheka neno hilo. Yeye akauliza inakoroma muda gani, mfululizo au kwa vipindi, na valvu ikiwa imefunguliwa kiasi gani. Mzee akajibu bila kufikiri: haikoromi valvu ikiwa nusu, huanza ikipita nusu, na zaidi mwezi wa kumi. Miaka yote hiyo alikuwa amekijua kisima kinachozidiwa na pampu yake, na hatukuwa tumemuuliza. Nilimsomea nilichoandika. Akanisahihisha sehemu mbili, kisha akaitaka kalamu atie sahihi.

Si kila kitu kilinyooka. Baada ya miezi kadhaa baadhi yetu tulianza kuandika kurasa tatu, na historia ya kisima na salamu za kuwasilisha. Zilirudi nazo, na swali moja: "Nibebe nini garini?" Akataka kinachojibu hilo kiwe mstari wa kwanza.

Baya zaidi lilikuwa lile la namba za kubuni. Daftari moja lilikuwa na ampea 17 kila saa, mchana na usiku, mwezi mzima. Umeme wa mji wetu hushuka jioni watu wakiwasha vitu majumbani, na ampea za mota hucheza nao. Namba isiyotikisika mwezi mzima imeandikwa ukiwa umekaa. Hakumwaibisha mhusika mbele za watu. Alimpeleka kwenye paneli saa moja usiku, akamwambia asome kwa sauti.

Kisima kingine geji ilisoma 4 kila siku, na aliyeandika alikuwa mwaminifu kabisa. Injinia alizima pampu, akafunga valvu na kutoa maji yaliyobaki ndani ya bomba. Mshale ukabaki palepale kwenye 4. Geji ilikuwa imekufa zamani. Tangu hapo tukawa tunaisoma pia pampu ikiwa imezimwa, kwa w, yaani sisi wenyewe tumeizima.

Masika yaliyofuata, usiku wa mvua na radi, kijana wa pikipiki alileta karatasi kutoka Kisima Namba 3. Mwandiko ulikuwa wa mzee mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda:

"Njooni na fyuzi. Leo saa 2:40 usiku pampu imezimika yenyewe. Kabla haijazimika niliona fezi ya kwanza ampea 0, ya pili 29, ya tatu 28. Sikuiwasha tena."

Ampea 29 mahali pa 17 ni mota inayobebeshwa na nyaya mbili kazi ya tatu, na kuiwasha tena ni kuiunguza. Injinia alisoma mara moja, akatuambia tuache tripodi. Kisha nikaona mkono wake unaifuata kalamu nyekundu.

"Fezi imekatika kwetu au kwa watu wa umeme?" akasema, kama anajiuliza mwenyewe, na akaanza kuandika swali pembeni. Kijana wa pikipiki akakohoa.

"Injinia, mzee amesema ugeuze."

Nyuma ya karatasi kulikuwa na mstari mmoja: "Mashine ya kusaga ya jirani inazunguka vizuri. Ni fyuzi yetu."