Chaza Wanaokosa Kabonati

Takriban robo ya hewa ukaa ambayo binadamu huitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi huishia baharini. Haibaki humo kama mapovu. Huyeyuka, huungana na maji, na matokeo yake ni asidi hafifu iitwayo asidi ya kaboni. Asidi hiyo haidumu. Humeguka papo hapo na kuachia ioni za haidrojeni, na wingi wa ioni hizo ndio unaosomwa katika kipimo cha pH. Zikiongezeka, pH hushuka.

Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Katika kipindi hicho pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi takriban 8.1. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwa sababu ya namna kipimo chenyewe kilivyopangwa: kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo kushuka kwa 0.1 tu ni sawa na ioni za haidrojeni kuongezeka kwa zaidi ya robo. Hata hivyo bahari haijawa kali kama maji ya ndimu, wala haitakuwa. Bado iko juu ya 7, upande wa alikali. Tunaposema asidi inaongezeka, tunataja mwelekeo wa mabadiliko, na kwa viumbe wenye magamba madhara huanza mapema sana, pH ikiwa bado juu ya 7.

Sababu ni kabonati. Magamba ya chaza na konokono, pamoja na mifupa ya matumbawe, yote ni kalsiamu kabonati, kitu kilekile ambacho watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wamekuwa wakikichoma tangu zamani ili kupata chokaa ya kujengea. Kiumbe hujenga gamba kwa kuunganisha ioni za kalsiamu na za kabonati. Kalsiamu imejaa tele baharini. Kabonati ni chache, nayo ndiyo inayotoweka: ioni ya haidrojeni ikikutana nayo huishika na kuigeuza kuwa bikabonati, ambayo haigeuki kuwa gamba mpaka kiumbe atumie nguvu zake kuiondoa ile haidrojeni. Wengi hudhani kwamba asidi huyatafuna magamba yaliyokwisha kujengwa. Hilo hutokea pia, maji yakiharibika vya kutosha, lakini dhara la kwanza ni la fundi anayepungukiwa na udongo wakati nyumba haijasimama.

Jinsi dhara hilo linavyotokea ilionekana wazi katika ghuba ya Netarts, jimbo la Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani. Hapo kuna kituo kiitwacho Whiskey Creek, kinachozalisha viluwiluwi wa chaza wa Pasifiki na kuwauzia wafugaji wa pwani hiyo. Kuanzia mwaka 2007 viluwiluwi walianza kufa kwa wingi. Mwanzoni zililaumiwa bakteria za jamii ya vibrio, na lawama hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa bakteria hao huua chaza wachanga. Kituo kikafunga mitambo ya kusafisha maji. Viluwiluwi wakaendelea kufa.

Kilichofumbua jambo ni upepo. Majira ya joto pwani ya Oregon huvuma upepo kutoka kaskazini. Upepo huo, ukisaidiwa na mzunguko wa dunia, husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka kilindini. Jambo kama hilo hutokea pia pwani ya Somalia wakati wa kusi. Maji ya kilindini yana hewa ukaa nyingi kwa asili yake, kwa kuwa mabaki ya viumbe yaliyozama huozea humo na kuitoa. Mtaalamu wa kemia ya bahari Burke Hales, wa Chuo Kikuu cha Oregon State, alishirikiana na kituo hicho kupima maji yaliyoingia kwenye matangi. Siku za upepo huo pH ya maji ya ghuba iliweza kushuka hadi karibu 7.6, na makundi ya viluwiluwi yaliyozaliwa katika maji hayo ndiyo yaliyofanya vibaya. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2012.

Jambo lililowachanganya wazalishaji ni kwamba viluwiluwi hawakufa mara moja. Waliangua, wakaogelea, wakaonekana wazima, kisha siku kadhaa baadaye wakaacha kukua na kufa, pengine maji yakiwa yamekwisha kuwa mazuri. Maelezo yake yamo katika siku mbili za mwanzo wa maisha yao. Katika muda huo kiluwiluwi hujenga gamba lake la kwanza kwa kasi kubwa mno, hata karibu asilimia 90 ya uzito wa mwili wake ikawa kalsiamu kabonati. Na wakati huo bado hajaweza kula vya kutosha; hutegemea akiba aliyoachiwa na mama yake ndani ya yai. Kabonati ikipungua, kila chembe ya gamba humgharimu nguvu zaidi, na akiba huisha kabla hajaweza kujilisha. Zaidi ya hayo, gamba hilo la kwanza ni la aragonaiti, aina ya fuwele inayoyeyuka kwa urahisi kuliko kalsaiti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gamba la chaza mzima. Ndiyo maana mtu aweza kuona chaza wakubwa wamejaa ghubani na asijue kwamba kizazi kinachofuata hakipiti.

Tiba ya kituo hicho ilitokana moja kwa moja na kemia. Vyombo vilifungwa kupima maji mfululizo. Ikawa desturi kujaza matangi alasiri, baada ya nyasi bahari na mwani wa ghubani kutumia hewa ukaa kwa saa nyingi za jua. Alfajiri, baada ya usiku mzima wa viumbe kupumua, maji huwa mabaya zaidi. Kisha maji yakatiwa sodiamu kabonati, ambayo kwa msomaji wa Afrika Mashariki si kitu kigeni: ni magadi yaliyosafishwa, kama yale yanayotoka Ziwa Magadi nchini Kenya. Kabonati hiyo huzikamata ioni za haidrojeni na kurudisha akiba inayohitajika kwa gamba. Uzalishaji ukarudi.

Tiba hiyo hufaa ndani ya tangi tu. Chaza wanaozaana wenyewe ghubani hawana wa kuwatilia magadi, wala konokono wadogo wenye mabawa wanaoelea bahari kuu, ambao magamba yao membamba ya aragonaiti yamekutwa yameanza kuyeyuka katika maji ya pwani hiyohiyo.

Haiwezi kusemwa kwamba binadamu ndiye aliyeyafanya maji ya kilindini yawe na hewa ukaa. Yalikuwa nayo tangu kale, na chaza waliishi nayo. Nyongeza ya viwanda ndiyo iliyoyavusha mpaka, ikaongeza siku mbaya na kuzifanya mbaya zaidi. Nyongeza hiyo nayo huchelewa kufika. Maji yanayopanda leo Oregon yaligusana na hewa mara ya mwisho miongo kadhaa iliyopita, na yamebeba hewa ukaa ya wakati huo. Yaliyozama baada yake yamebeba zaidi, na bado yako njiani, kwa hiyo hata uchomaji ukikoma leo, maji yatakayofika pwani hiyo yataendelea kuwa mabaya zaidi kwa miaka mingi.