Kigari Kimetulia, Fimbo Inaanguka

Katika maabara nyingi za uhandisi wa udhibiti kuna kifaa kimoja ambacho wanafunzi hukutana nacho mapema: kigari kidogo kinachokwenda kwenye reli, na juu yake fimbo iliyoshikwa kwa bawaba, imesimamishwa wima. Mota inakisukuma kigari kushoto au kulia. Fimbo haina mota yake. Maisha yake yote yanategemea namna kigari kinavyokwenda chini yake. Kazi ya mhandisi ni kuandika programu ya kukipeleka kigari mahali panapotakiwa bila fimbo kuanguka.

Mfumo huu una mlango mmoja tu wa kuuamuru, yaani kani F ya mota. Lakini ili kuieleza hali yake kikamilifu unahitaji namba nne: mahali kilipo kigari (x), kasi yake, pembe ya fimbo kutoka wima (θ), na kasi ya pembe hiyo. Tuseme tokeo tunalolijali ni x peke yake. Tunataka x iwe sifuri, katikati ya reli.

Ugumu unatokana na sini na kosini zilizojaa katika milinganyo. Ukiongeza pembe maradufu, athari yake haiongezeki maradufu. Kuna mbinu inayovutia sana hapa: kwa kuwa milinganyo tunaijua, kompyuta ipime pembe na kasi, ikokotoe sehemu yote iliyopinda, kisha iifute kwa kutoa kani iliyo kinyume chake. Kinachobaki ni mfumo ulionyooka, ambao mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuudhibiti. Huko ndiko kunyoosha mfumo kwa mrejesho.

Swali la kwanza katika mbinu hiyo ni hili: kani inaligusa tokeo kwa umbali gani? Tazama x yenyewe: F haimo. Tazama kasi yake: bado haimo, kwani mota haiwezi kubadilisha kasi papo hapo. Tazama mchapuko wake, na hapo F inajitokeza:

(M + m sin²θ) x'' = F + m l θ'² sinθ − m g sinθ cosθ

M ni uzito wa kigari, m ni uzito wa fimbo tukiuchukulia kuwa wote uko kwenye ncha, na l ni urefu wake. Tumelazimika kutafuta kasi ya badiliko mara mbili ndipo tukaiona kani. Idadi hiyo, 2, ndiyo daraja husianifu la mfumo huu kwa tokeo hili. Sasa tunaiamuru mota hivi:

F = (M + m sin²θ) v − m l θ'² sinθ + m g sinθ cosθ

Vyote vilivyopinda vinafutika, kinabaki x'' = v. Tukichagua v = −k₁x' − k₀x, kwa k₁ na k₀ chanya, kigari kinarudi katikati na kutulia. Kwenye skrini, mstari wa x unashuka kwa ulaini hadi sifuri na kubaki hapo. Wakati huohuo fimbo inaanguka.

Sababu inapatikana kwa kuhesabu. Hali za mfumo ni nne, daraja husianifu ni 2, kwa hiyo tumenyoosha namba mbili tu: mahali na kasi ya kigari. Pembe na kasi yake zimebaki nyuma ya pazia, na tokeo haliwezi kuziona. Ili kujua zinafanya nini huko, tunaulizia mwenendo wa sifuri: tokeo likishikiliwa kwenye sifuri daima, kilichobaki kinakwendaje? Mlinganyo wa fimbo ni

l θ'' = g sinθ − x'' cosθ

na kigari kikiwa hakisogei kamwe, x'' ni sifuri, hivyo

θ'' = (g/l) sinθ

Huu ni mlinganyo wa fimbo iliyosimamishwa juu ya kigari kilichopigiliwa misumari kwenye reli. Programu yetu imeifanya mota kuwa msumari huo. Chukua fimbo ya nusu mita iliyoinama digrii 1 tu, ikiwa haina kasi. Baada ya nusu sekunde imefika karibu digrii 4.6, baada ya sekunde moja, takribani 40. Kadiri programu inavyokishika kigari kwa ukamilifu, ndivyo fimbo inavyokosa wa kuiokoa.

Mtu anaweza kudhani dawa ni kuchagua k₁ na k₀ kwa uangalifu zaidi, au kuandika kanuni nyingine ya udhibiti. Haisaidii. Ukishataka x iwe sifuri bila kuyumba hata kidogo, kani inayoweza kufanya hivyo katika kila hali ya fimbo ni moja tu, na mlinganyo wa juu ndio unaoitaja. Programu yoyote itakayotimiza sharti hilo itatoa kani ileile, na fimbo itaanguka vilevile. Mwenendo wa sifuri ni mali ya mfumo pamoja na tokeo ulilolichagua, mrejesho hauubadilishi. Christopher Byrnes na Alberto Isidori ndio walioiweka dhana hii wazi kwa mifumo isiyonyooka katika miaka ya 1980.

Ukitaka kuona kwamba kosa si la mbinu yenyewe, igeuze fimbo ining'inie chini. Sasa una winchi ya bandarini: kigari juu, kontena chini. Daraja husianifu linabaki 2, na hesabu za kufuta ni zilezile isipokuwa alama. Lakini mwenendo wa sifuri unakuwa θ'' = −(g/l) sinθ: mzigo unabembea, na msuguano unaumaliza mbembeo polepole. Kilicho nyuma ya pazia kinatulia chenyewe, kwa hiyo kunyoosha kunakubalika.

Kwa fimbo iliyosimama, njia iliyobaki ni kubadilisha tokeo. Tukiichagua pembe θ badala ya x, daraja ni 2 tena, mradi fimbo haijalala mlalo. Fimbo itasimama, ila mwenendo wa sifuri sasa ni x'' = 0: kigari kikishapata kasi yoyote kinaendelea nayo hadi kigonge mwisho wa reli.

Tokeo bora zaidi ni mahali pa ncha ya fimbo. Kwa pembe ndogo hapo ni x + lθ, na mchapuko wake ni gθ tu, bila F ndani yake. Inabidi kutafuta kasi ya badiliko mara nne ndipo kani ionekane. Daraja ni 4, hali ni 4, hakuna kinachobaki nyuma ya pazia. Lakini hilo ni kweli karibu na wima tu. Mfumo kamili wa kigari na fimbo haunyoki wote kwa mrejesho. Na kuna gharama: ili kigari kiende kulia, lazima kwanza kirudi kushoto kidogo, fimbo iinamie kulia, ndipo kiifuate. Anayekidai kigari kisiende kinyume hata kidogo anaidai fimbo ianguke.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kanuni yoyote ya kunyoosha, hesabu daraja husianifu, litoe kwenye idadi ya hali, kisha weka tokeo kuwa sifuri na uandike milinganyo iliyobaki. Na unapojaribu kwenye kompyuta, chora hali zote, usichore tokeo pekee. Mstari wa x ulionyooka kwenye sifuri huku θ ikipaa ndiyo dalili kwamba umekidhibiti kisichohitaji kuokolewa.