Waifai Imeshika, Ukurasa wa Kuingia Uko Wapi?

Abiria uwanja wa ndege anaona alama ya waifai imejaa kwenye simu yake, lakini hakuna kinachofunguka. Mtambo wa pale unasubiri akubali masharti kwenye ukurasa wa kuingia, nao haujatokea.

Tovuti nyingi siku hizi hutumia https, na mawasiliano yaliyofungwa hivyo mtambo hauwezi kuyageuza njia bila simu kushtuka. Dawa ni kuandika kwenye kivinjari anwani isiyofungwa:

```
http://neverssl.com
```

Mara nyingi ukurasa hujitokeza hapo hapo.

Ukigoma, azime VPN. Kwenye simu ya Android aangalie pia Private DNS: ikiwa imewekewa jina la seva fulani, simu hung'ang'ania seva hiyo, ambayo mtambo bado umeizuia. Aizime, aingie, kisha airudishe.