Je, Wajua? Ripoti Moja, Namba Tatu

Je, wajua kwamba Google Analytics ya leo, ile ya toleo la nne, inaweza kukupa jibu bila kusoma matukio yako yote? Katika sehemu ya Explore, akaunti ya bure ina kikomo cha matukio milioni 10 kwa swali moja. Ukiuliza jambo linalogusa zaidi ya hapo, mfumo huchukua sampuli, huhesabu ndani yake, kisha huzidisha ili ifanane na jumla. Anayelipia toleo kubwa ana kikomo cha juu zaidi, hadi matukio bilioni 1.

Tuchukue mfano wa kubuni tuende nao. Duka kubwa la mtandaoni jijini Dar es Salaam linaandika matukio 400,000 kwa siku. Ripoti ya siku 25 ina matukio milioni 10 kamili, yaani inafika ukingoni. Mwenye duka akitaka kuona Machi hadi Mei 2025, hizo ni siku 92, matukio milioni 36.8. Sampuli ya milioni 10 ni kama asilimia 27 ya data. Hakuna aliyegusa mipangilio wala kuharibu kitu; tarehe tu zimerefuka.

Je, wajua kwamba katika ripoti hiyo kila manunuzi yaliyoonekana yanahesabiwa kama 3.68? Ndiyo maana namba ndogo hurukaruka. Mwenye duka anaweka kichujio: manunuzi, mji wa Mwanza, wateja waliofika kupitia barua pepe. Sampuli ikiwa na manunuzi 10, ripoti itaandika 37. Ikiwa nayo 11, itaandika 40. Ikiwa nayo 12, itaandika 44. Hakuna 38 wala 42, hata kama huo ndio ukweli. Ukiona safu ya namba ndogo zinazopishana kwa hatua zinazofanana, shuku sampuli kabla hujaanza kumsifu mtu wa masoko.

Na wajua kwamba sampuli ileile inaweza kuaminika kwa namba moja na kupotosha kwa nyingine, ndani ya jedwali moja? Tuseme kila tukio lina nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kama manunuzi ya kweli ya Tanzania nzima ni 40,000, makadirio mengi yataangukia ndani ya 650 juu au chini, chini ya asilimia 2. Hapo bosi asipige kelele. Lakini kama ya Mwanza kwa barua pepe ni 40 kweli, makadirio yanaweza kutua popote kati ya 20 na 60. Kichujio hakikufanya kosa lolote. Kimechukua tu kipande chembamba cha sampuli, na kipande chembamba hakina cha kutosha cha kuhesabu. Kadiri unavyochuja zaidi, ndivyo unavyozidi kuisoma bahati nasibu ukidhani unasoma wateja.

Je, wajua mahali pa kuangalia? Juu ya ripoti, upande wa kulia, kuna alama ndogo ya ubora wa data. Ikiwa ni tiki ya kijani, data yote imesomwa. Vinginevyo ibonyeze: itakuambia ripoti imejengwa juu ya asilimia ngapi. Wengi hupiga picha ya skrini wakaikata alama hiyo, halafu picha inasafiri kwenye kundi la WhatsApp la ofisi bila asilimia yake. Anayevuta namba kwa programu hana alama ya kutazama, ila jibu la mfumo hubeba sehemu iitwayo `samplingMetadatas`, ndani yake mna `samplesReadCount` na `samplingSpaceSize`. Gawa ya kwanza kwa ya pili, umepata ukubwa wa sampuli. Sehemu hiyo isipokuwepo, jibu halikusampuliwa.

Je, wajua kwa nini ripoti ya kawaida, ile ya Reports, mara nyingi hutoa namba tofauti na Explore kwa tarehe zilezile? Ripoti ya kawaida huchota kwenye majedwali yaliyokwisha kujumlishwa kila siku, kwa hiyo haina haja ya kurudi kwenye matukio ghafi. Explore huyarudia matukio yenyewe. Basi ukitaka jumla rahisi, mfano kurasa zilizosomwa kwa mwaka mzima, iache Explore ipumzike. Watu hukimbilia kwenye chombo chenye vitufe vingi wakati jibu lao limekwisha andaliwa kwenye ukurasa wa mbele.

Je, wajua kwamba njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuikwepa sampuli ni kukata tarehe vipande? Siku 92 za duka letu zinagawanyika vizuri mara nne, siku 23 kila kipande: Machi 1 hadi 23, Machi 24 hadi Aprili 15, Aprili 16 hadi Mei 8, Mei 9 hadi 31. Kila kipande kina matukio milioni 9.2, chini ya kikomo. Endesha ripoti mara nne, hakikisha tiki ni ya kijani mara zote nne, kisha jumlisha manunuzi.

Manunuzi, ndiyo. Watumiaji, hapana! Mteja aliyefika Machi 5, akarudi Aprili 2 na tena Mei 20, yumo katika vipande vitatu, na ukijumlisha utampata mara tatu. Matukio, kurasa zilizotazamwa na mapato hujumlishika, watu hawajumlishiki. Asilimia nazo zina mtego wake. Kipande kimoja kikiwa na manunuzi 50 kwa ziara 1,000, hiyo ni asilimia 5. Kingine kikiwa na 30 kwa ziara 3,000, ni asilimia 1. Ukitafuta wastani wa 5 na 1 utapata 3, wakati jibu sahihi ni manunuzi 80 kwa ziara 4,000, yaani asilimia 2. Beba namba mbili za chini hadi mwisho, gawanya mara moja.

Je, wajua kwamba hata tiki ikiwa ya kijani, idadi ya watumiaji bado ni makadirio? Kukumbuka kila kitambulisho ili kujua nani alikwisha kuhesabiwa kunakula kumbukumbu nyingi mno, kwa hiyo Google Analytics hutumia mbinu iitwayo HyperLogLog++. Msingi wake ulichapishwa mwaka 2007 na Philippe Flajolet na wenzake, na watafiti wa Google wakauboresha mwaka 2013. Wazo lake ni zuri kweli. Kila kitambulisho hugeuzwa kuwa mfululizo wa sifuri na moja unaoonekana wa nasibu, kisha mfumo huangalia mfululizo mrefu zaidi wa sifuri za mwanzo uliowahi kuonekana. Ni kama mtu anayerusha sarafu ya shilingi: akikuambia aliwahi kupata vichwa kumi mfululizo, unajua amerusha mara nyingi hata kama hukumhesabia. Rekodi moja inaweza kudanganya, kwa hiyo vitambulisho hugawanywa kwenye visanduku vingi na matokeo yao huunganishwa. Kosa la kawaida ni 1.04 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya visanduku. Kwa visanduku 16,384 ni kama asilimia 0.81.

Kwa hiyo watumiaji 100,000 wanaweza kusomeka 99,300 au 100,600 bila mtu kukosea. Anayeandaa mkutano kujadili kwa nini watumiaji wameshuka kwa asilimia nusu anapoteza mchana wa watu.

Je, wajua kwamba kuna kichujio kinachofuta mistari kabisa? Ukiingiza umri au jinsia, mfumo huficha makundi madogo ili mtu asitambulike, na mipaka hiyo huwezi kuirekebisha. Dawa yake hapa ni kurefusha tarehe ili kila kundi lipate watu wa kutosha. Umeona kinyume chake? Sampuli inataka tarehe fupi, faragha inataka tarehe ndefu. Ripoti moja ikigongwa na vyote viwili, ondoa umri na jinsia kwanza. Mara nyingi hata hukuvihitaji.

Je, wajua kwamba tarehe ndefu mno huweza kurudi na ukimya badala ya sampuli? Data ya kina inayolisha Explore katika akaunti ya bure hutunzwa miezi 2 au 14, na chaguo-msingi ni 2. Atakayelinganisha Mei hii na Mei iliyopita bila kubadilisha mpangilio huo ataona biashara iliyoanzishwa juzi. Ukiubadilisha leo, kilichokwisha kufutwa hakirudi.

Mstari ulioandikwa `(other)` nao? Huo huzaliwa pale safu moja inapokuwa na thamani nyingi mno kwa siku, mfano anwani kamili za kurasa zenye mikia ya Facebook. Tumia njia fupi ya ukurasa badala ya anwani nzima, na mstari huo utapungua.

Je, wajua kwamba kadi za mbele zikiandika 12K, nyuma yake inaweza kuwa 11,500 au 12,499? Wiki mbili zinaonekana pacha na zimeachana kwa karibu asilimia 9. Fungua jedwali uone namba nzima.

Na wajua kwamba mwenye duka letu angeweza kuikwepa sampuli moja kwa moja? Kuunganisha na BigQuery ni bure kwa akaunti ya kawaida, hadi matukio milioni 1 kwa siku katika usafirishaji wa kila siku. Yeye ana 400,000. Swali lake la Mwanza (tuache barua pepe kwanza) linakuwa hivi:

```sql
SELECT COUNT(*) AS manunuzi
FROM `mradi.analytics_123456789.events_*`
WHERE _TABLE_SUFFIX BETWEEN '20250301' AND '20250531'
  AND event_name = 'purchase'
  AND geo.city = 'Mwanza'
```

Hakuna kuzidisha kwa 3.68 hapo. Kwa watumiaji aandike `COUNT(DISTINCT user_pseudo_id)`, inayohesabu kweli, na asishangae ikipishana kidogo na ripoti. Ubaya ni mmoja: data huanza kumiminika siku ulipounganisha, haiji ya nyuma. Aliyeunganisha Juni hana Machi.

Je, wajua, mwisho, kwamba jedwali hilo lina saa mbili tofauti? `event_date` hufuata saa za eneo ulizoweka kwenye akaunti, lakini `event_timestamp` ni ya UTC, kwa maikrosekunde. Ukigawa siku kwa hiyo ya pili, manunuzi ya Dar es Salaam kati ya saa sita na saa tisa usiku yatahamia siku iliyotangulia, na utaanza tena kutafuta kwa nini namba hazilingani. Andika eneo lako:

```sql
DATE(TIMESTAMP_MICROS(event_timestamp), 'Africa/Dar_es_Salaam')
```