Mota iliyokwisha lipiwa, banda lisilolipiwa pango

Tuseme mama mmoja wa Sanya Juu, wilayani Siha, ana banda lake karibu na soko na anataka kufunga mashine ya kusaga mahindi. Mwaka jana alinunua mota kwa shilingi 1,500,000. Leo dalali anampa 400,000 kwa mota hiyo. Kinu na vifaa vilivyobaki vitamgharimu 7,000,000.

Kwa hesabu yake, mashine itaingiza 9,000,000 kwa mwaka, na umeme, mishahara na matengenezo vitakula 5,600,000. Baada ya miaka mitano atauza mitambo yote kwa 1,000,000. Fedha ya mradi anaitaka izae asilimia 15 kwa mwaka.

Jamaa zake wanataka mota iandikwe kwa bei aliyonunulia, na banda lisiandikwe kabisa kwa kuwa ni mali yake. Wamekosea pande zote mbili. Swali la kuuliza mbele ya kila gharama ni moja: nikiacha mradi leo, fedha hii nitaipata?

Kwenye mota, atapata 400,000 tu. Hizo ndizo zinazoingia kwenye hesabu, kwa sababu akiifunga hataiuza. Zile 1,100,000 zilizobaki zimezama. Asage au asisage, hazirudi.

Banda ni kinyume chake. Halijamtoa senti, lakini kuna mpangaji aliye tayari kulipa 100,000 kwa mwezi. Kuweka mashine humo ni kuacha 1,200,000 kila mwaka. Hiyo ndiyo gharama ya fursa, nayo inapunguza faida ya mwaka kutoka 3,400,000 hadi 2,200,000.

Ukirudisha faida hiyo ya miaka mitano, pamoja na 1,000,000 ya kuuza mitambo, kwenye thamani ya leo kwa asilimia 15, unapata takribani 7,870,000. Toa 7,000,000 za kinu na 400,000 za mota, inabaki ziada ya kama 470,000. Mradi unafaa, ila kwa chupuchupu. Angeingiza bei yote ya mota, angeona hasara ya zaidi ya 600,000 na kuacha kazi nzuri. Angesahau pango, angeona ziada ya karibu milioni 4.5 na kujidanganya.

Kosa la kuing'ang'ania fedha iliyozama linajulikana nchini. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulisimamishwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Ukubwa wa fedha hiyo haukuwa sababu ya kuendelea. La kupima lilikuwa kama karanga zijazo zingelipa gharama zijazo.

Kwa mama wa Sanya Juu, basi, namba ya kuchunga ni pango. Likivuka 112,000 kwa mwezi, ampangishe mpangaji na mota amwachie dalali.