Woga na Furaha Chini ya Picha Moja

Msimu wa ajira mpya ukianza, simu zetu hujaa picha za aina moja: kijana amevaa shati lililopigwa pasi, nyuma yake mlango wa vioo, na chini yake maneno kama haya: "Ukurasa mpya umefunguka. Nina furaha isiyo kifani, lakini pia nina woga mwingi. Mungu ni mwema." Watu humpongeza kwa "hongera" na "kila la heri", kisha huendelea na shughuli zao. Hakuna kosa la sarufi hapo. Tatizo ni kwamba maneno hayo yangemfaa bibi harusi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au mama aliyejifungua jana. Yanataja hisia mbili bila kuonyesha zilitoka wapi.

Tuchukue mfano wa msichana aliyemaliza chuo, akapanda basi kutoka Songea hadi Dar es Salaam kuanza kazi ya ukarani wa hesabu. Amefikia kwa shangazi yake Kimara. Jioni ya siku ya kwanza anataka kuposti picha yake Instagram, na rasimu aliyonayo ni ile ya "ukurasa mpya". Aanzie wapi kuirekebisha?

Aache kwanza kutafuta maneno mazuri, ajiulize maswali mawili. Leo woga ulinifanya nifanye nini? Na ni jambo gani nililifanya hata hivyo? Jibu la swali la kwanza ni tukio, si hisia: alfajiri kituoni Kimara watu walisukumana mlangoni, akaacha mabasi mawili ya mwendokasi yaondoke. Jibu la pili pia ni tukio: basi la tatu alilipanda, na saa mbili asubuhi alikuwa amekaa kwenye meza aliyopewa. Hayo ndiyo mali yake, kwa sababu hakuna mwingine mwenye asubuhi kama hiyo. Akiyaunganisha anapata hivi:

"Mabasi mawili ya mwendokasi yalinipita Kimara nikiogopa kusukumana. La tatu nikapanda. Saa mbili kamili nilikuwa mezani kwangu."

Neno "furaha" halimo, lakini msomaji anaiona. Woga umetajwa mara moja tu, tena umefungwa kwenye jambo dogo ambalo kila aliyewahi kupanda mwendokasi asubuhi analijua. Kiambishi "-ka-" katika "nikapanda" nacho kinasaidia, kwa kuwa kinaonyesha jambo moja likifuata jingine kama katika hadithi, na msomaji anafuatana na msichana huyu tangu kituoni hadi ofisini.

Mizani ya hisia hizo mbili imo katika mpangilio. Kinachosemwa mwisho ndicho kinachobaki kichwani mwa msomaji. Geuza maneno yaleyale: "Saa mbili nilikuwa mezani kwangu, lakini mabasi mawili yalinipita Kimara." Habari haijabadilika, ila sasa inasikika kama lawama juu ya usafiri, na "lakini" limeifuta furaha iliyotangulia. Anayetaka hisia zote mbili zionekane atangulize woga, amalizie kwa tendo. "Lakini" mara nyingi halihitajiki hapo, nukta inatosha.

Kisha kuna suala la urefu. Instagram inaruhusu maelezo ya picha ya hadi herufi 2,200, ila kwa kawaida mtu anayepitisha kidole huona takribani 125 za mwanzo, nafasi kati ya maneno zikiwemo. Zilizobaki hufichwa mpaka abonyeze kusoma zaidi. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo herufi 125 huisha upesi. Maelezo ya msichana wetu yana herufi 127, na kinachoweza kukatwa ni mwisho wenyewe, yaani pale alipofika. Akiondoa "kamili" zinabaki 120 na maana haipungui. Rasimu yake ya kwanza, kwa upande mwingine, ilitumia sehemu kubwa ya nafasi hiyo kwa maneno ambayo msomaji angeweza kuyakisia bila kufungua simu.

Maelezo hayohayo hayafai kila mahali, maana wasomaji ni tofauti. Instagram wapo waliosoma naye, nao wataicheka habari ya mabasi kwa upendo. Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24 tu, lakini huonwa na mama, mjomba na jirani aliyechangia nauli. Mama wa Songea akisoma kwamba binti yake aliogopa kusukumwa kituoni, simu itaita kabla chai haijapoa. Kwao woga upunguzwe, shukrani ionekane: "Mama, nimefika kazini salama. Jiji lina watu wengi, nami nimepata meza yangu. Asanteni mlionisindikiza." Woga bado upo katika "watu wengi", ila haumnyimi mtu usingizi.

LinkedIn ni kwa wenzake wa taaluma na labda bosi wake. Huko woga hugeuzwa kuwa jambo la kujifunza, tena litajwe kwa jina: "Leo nimeanza kazi ya karani wa hesabu Dar es Salaam. Wiki hii najifunza jinsi ofisi yetu inavyopanga stakabadhi na hati za malipo." Hajasema kwamba ana wasiwasi, wala hajajifanya anajua kila kitu. Anayeajiri akisoma hapo anamwona mtu anayeelewa kazi inaanzia wapi.

Picha nayo ina hatari zake. Kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni kinaweza kuonyesha jina kamili, namba ya mfanyakazi na mahali anapofanya kazi, habari ambazo tapeli anazihitaji. Kwa karani wa hesabu, kioo cha kompyuta kilichowashwa nyuma yake kinaweza kuonyesha majina na malipo ya wateja, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Kabla ya kuposti, aikuze picha kwa vidole viwili, aikague pembe kwa pembe, kisha akate kisichotakiwa. Kwa vile maelezo yake yanataja Kimara, asiongeze picha ya nyumba ya shangazi wala saa anayotoka kila asubuhi.

Mzaha juu ya ofisi pia usubiri. Kusema "bosi ananitisha" kunaweza kuwa utani kwa marafiki, lakini mwenye ofisi hatausoma hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Katika miezi hiyo woga wa kuandika hadharani uhusu barabara, lifti, chakula cha mchana au jina la mtaa ulilolisahau. Unaowahusu watu wa ofisini upelekwe kwa rafiki, kwa simu.

Ukimaliza kuandika, fanya jaribio moja. Chukua maelezo yako uyaweke kichwani chini ya picha ya mtu mwingine: ya harusi, ya mahafali, ya nyumba mpya. Yakikaa vizuri huko, bado hujaandika habari yako. Rudi kwenye asubuhi yako, tafuta jambo ulilotaka kulikimbia na ukalifanya, uandike hilo.